Picha zetu za Kilwa zina alt zote, mbona ukitafuta "Husuni Kubwa" hazitokei? Tujadili maelezo ya chini ya picha na maandishi yanayoizunguka

Mkwaju_wa_Masoko (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nasimamia tovuti ya kikundi cha waongoza wageni hapa Kilwa Masoko. Tuna ukurasa mmoja wa picha za magofu: Msikiti Mkuu, Gereza, Husuni Kubwa, Makutani, na nyingine za Songo Mnara. Kila picha ina alt, na niliziandika kwa uangalifu kwa ajili ya wasioona: "ukuta mrefu wa mawe wenye matao matatu", "ngazi za mawe zinazoshuka kuelekea baharini", na kadhalika. Majina ya mahali yapo pia, ukigusa picha inafunguka kubwa na maelezo yanatokea chini yake.

Sasa nikiingia Search Console, kwenye Performance nikachagua `Search type: Image`, naona tunaonekana kwa "kilwa ruins" na "magofu ya kilwa" basi. "Husuni Kubwa" hakuna kitu. "Gereza Kilwa" hakuna. Kinachonishangaza zaidi, mtu akitafuta "Songo Mnara" anaonyeshwa picha yetu ya Gereza, na Gereza liko Kilwa Kisiwani, kisiwa kingine kabisa. Mgeni akija na picha hiyo kwenye simu anataka apelekwe pale pale, na mimi ndiye wa kumweleza kwamba amepotoshwa.

Alt nimejaza zote. Nini kingine Google anasoma?

Kigoma_Dijito

Mkuu, alt ndiyo kila kitu kwenye picha. Weka majina humo: "Husuni Kubwa Kilwa Tanzania magofu", mambo yatakaa sawa. Kisha kwenye `sitemap.xml` ongeza `image:caption` na `image:geo_location` kwa kila picha, Google atajua hadi kisiwa. Mimi nilifanyia tovuti ya hoteli moja hivyo, ikapanda.

FundiWavuti

Kigoma, hizo za ramani ya tovuti zilifanya kazi zamani. Google alitangaza mwaka 2022 kwamba anaziacha `image:caption`, `image:title`, `image:geo_location` na `image:license`. Kilichobaki ni `image:image` na `image:loc`, yaani anwani ya faili tu. Ukiziacha zile nyingine humo hazikudhuru, hazisomwi tu.

Na alt si kila kitu. Mwongozo wa Google wenyewe kuhusu picha unasema anachukua maana ya picha kutoka kwenye maudhui ya ukurasa, pamoja na maelezo ya chini ya picha na kichwa chake, na anashauri picha ikae karibu na maandishi yanayoihusu. Alt ni sehemu mojawapo ya hayo.

Mkwaju, kabla sijasema neno, niwekee hapa HTML ya picha moja. Ile ya Gereza.

Mkwaju_wa_Masoko

Hii hapa mkuu:

```html
<a href="DSC_0412.jpg" data-caption="Gereza, Kilwa Kisiwani">
  <img src="DSC_0412-300x200.jpg" alt="Ukuta mkubwa wa mawe wenye mlango mpana">
</a>
<h2>Songo Mnara</h2>
```

Zile za Kisiwani ziko juu zote pamoja, halafu kichwa cha Songo Mnara, halafu picha zake. Gereza ndiyo ya mwisho kwenye kundi la juu.

FundiWavuti

Basi jibu liko hapo.

Maelezo yako yamefichwa kwenye `data-caption`. Hayo si maandishi ya ukurasa, ni akiba ambayo JavaScript ya galari inaichukua mtu akigusa picha. Googlebot hagusi picha wala habonyezi kitufe. Anafungua ukurasa, anasubiri ujijenge, anasoma kilichopo. Wewe na wageni wako mnaona "Gereza, Kilwa Kisiwani" kwa sababu mnagusa. Yeye anaona ukuta mkubwa wa mawe wenye mlango mpana, na maandishi ya karibu zaidi baada ya hapo ni "Songo Mnara". Akiliambatanisha jina hilo na picha hiyo simshangai.

Usichukue neno langu hivi hivi, hakikisha. Nenda Search Console, bandika anwani ya ukurasa kwenye `URL Inspection`, fungua `View crawled page`, utaona HTML aliyoichukua. Tafuta humo neno "Gereza" uangalie liko wapi. Likiwa ndani ya alama za nukuu za `data-caption` pekee, au kwenye menyu ya juu pekee, ujue picha yako haina jina.

Njia nyingine ya haraka: chukua fungu la maneno ambalo lipo kwenye maelezo hayo tu, ulitafute hivi kwenye Google ya kawaida, ukiweka jina la tovuti yako:

```
site:example.com "Gereza, Kilwa Kisiwani"
```

Kama ukurasa umeshaorodheshwa na hautokei, ni dalili kubwa kwamba maneno hayo hayamo kwenye anachokisoma.

DukaLaSpea_Kariakoo

Uzi mzuri, na mimi nina shida hiyo hiyo. Nauza spea za pikipiki, kila picha naiandika maelezo vizuri: jina la spea, bei, namba ya simu, rangi nyekundu inaonekana mpaka mbali. Natengeneza kwa programu ya simu. Lakini Google hainitoi kabisa. Ina maana maelezo ya picha hayasaidii?

FundiWavuti

Ndugu, hayo unayoandika yamo ndani ya picha yenyewe, ni rangi iliyochorwa juu ya picha. Hapa tunazungumzia maandishi yanayokaa nje ya picha, kwenye ukurasa, ambayo unaweza kuyachagua kwa kidole ukayanakili. Jaribu: bonyeza jina la spea kwenye tovuti yako uone kama linanakilika.

Ni kweli mashine siku hizi zinaweza kusoma herufi zilizo ndani ya picha, lakini Google mwenyewe anashauri maandishi muhimu usiyaweke ndani ya picha. Bei ikibadilika huwezi kuirekebisha, na kisoma skrini hakitamsomea mteja. Acha picha ya spea iwe safi, chini yake andika "Kabureta ya Boxer BM 150" kwa maandishi ya kawaida.

DukaLaSpea_Kariakoo

Nimejaribu, hainakiliki. Kumbe. Lakini nikituma WhatsApp bango ndilo linaloleta wateja.

FundiWavuti

Bango baki nalo WhatsApp. Kwenye tovuti weka picha safi. Ni sehemu mbili tofauti.

Rukia_NVDA

Jamani naomba nisikike kwenye hili la alt. Mimi sioni, natumia kisoma skrini, kompyuta na simu. Kigoma anaposema jaza alt majina ya kutafutwa, anayesikiliza "Husuni Kubwa Kilwa Tanzania magofu" kwenye kila picha ni mimi. Picha kumi, mara kumi, na bado sijui kuna nini kwenye picha.

Alt za mleta uzi ni nzuri mno. "Ngazi za mawe zinazoshuka kuelekea baharini", hapo napata picha kichwani. Tafadhali usiziharibu. Kilichokosekana kwangu ni kile kile kilichokosekana kwa Google: sijui ngazi hizo ziko wapi, kwa sababu jina lilifichwa kwenye kugusa. Kwenye galari nyingi ninazopita, nikigusa picha, dirisha linafunguka na sauti inaniambia "picha" basi.

Ombi la pili. Msinakili maelezo ya chini kuyaweka kwenye alt. Nasikia sentensi ile ile mara mbili mfululizo. Alt iseme kinachoonekana, maelezo yaseme ni wapi, nani, lini. Na kama kuna maelezo chini, alt msiiache tupu, kwa sababu kisoma skrini kitairuka picha na maelezo yatabaki yanaelea bila kitu cha kuelezea.

Mkwaju_wa_Masoko

Dada Rukia, ahsante sana. Alt nitaziacha kama zilivyo.

FundiWavuti, nimeangalia `View crawled page`. Ni kama ulivyosema. "Gereza" lipo kwenye `data-caption` tu. "Husuni" halimo popote isipokuwa kwenye menyu. Sasa nifanyeje, nibadilishe galari yote?

FundiWavuti

Galari usiiondoe, watu wanapenda kufungua picha kubwa. Unachotakiwa ni maelezo yawepo kwenye ukurasa hata mtu asipogusa. Umbo lake ni hili:

```html
<figure>
  <img src="husuni-kubwa-birika.jpg"
       alt="Birika la pembe nane lililozama chini ya usawa wa ua, kingo zake zimebomoka">
  <figcaption>Birika la kuogea la Husuni Kubwa,
  Kilwa Kisiwani. Jumba lilijengwa karne ya 14.</figcaption>
</figure>
```

`figure` ndiyo inayofunga picha na maelezo yake pamoja, hivyo hakuna kubahatisha maandishi haya ni ya picha ipi. Ukiandika sentensi kwenye aya ya kawaida chini ya picha bado inasaidia, ila picha zikiwa mbili pembeni kwa pembeni na aya moja chini, nani anajua ni ya ipi?

Halafu vunja hilo kundi. Sasa hivi magofu ya Kisiwani yote yamerundikwa pamoja chini ya kichwa kimoja "Picha za Kilwa". Weka kichwa "Husuni Kubwa", aya mbili za kueleza jumba hilo, picha zake hapo hapo. Kisha "Gereza", aya, picha. Usiweke aya zote juu na picha zote chini, kwa sababu Gereza itarudi kukaa jirani na kichwa kisichoihusu.

Kama una ya kusema ya kutosha kuhusu Husuni Kubwa, ipe ukurasa wake kabisa. Kichwa cha ukurasa nacho kinaisemea picha, na mtu akibofya picha anatua kwenye ukurasa unaozungumzia kile alichokitafuta.

Majina ya faili kama `DSC_0412.jpg` ni dalili dhaifu, lakini ni dalili. Picha mpya zipe majina yanayoeleweka. Za zamani ambazo tayari zinaonekana kwenye utafutaji ningeziacha, kwa sababu ukibadilisha anwani ya picha inabidi igunduliwe upya, na picha hurudiwa polepole kuliko kurasa.

Mzee_wa_Chumba_cha_Habari

Nimefanya kazi ya uhariri wa picha gazetini miaka mingi, niongeze la upande wangu. Watu wanajua kuweka maelezo, hawajui kuyaandika. Naona tovuti za utalii zimejaa "Wageni wakifurahia mandhari ya kuvutia". Sentensi hiyo unaweza kuibandika Kilwa, Ngorongoro au ufukwe wa Kigamboni, na haitasaidia picha yoyote kupatikana.

Sisi tulifundishwa kuanza na kitu chenyewe kwa jina lake kamili, kisha mahali, kisha wakati. "Upande wa kuba wa Msikiti Mkuu, Kilwa Kisiwani, Agosti 2012." Mwaka usiupuuze, hasa kwa magofu. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004, yakatolewa humo 2014 baada ya kazi ya kuyahifadhi. Picha ya ukuta ya 2003 na ya ukuta huo huo 2015 ni habari mbili. Mtafiti anayetafuta hali ya ukuta kabla ya matengenezo hataipata kama hukuandika mwaka, na hakuna jicho la mashine litakaloisoma tarehe kwenye mawe.

Na watu wakiwemo, taja nani yuko wapi, "kutoka kushoto". Na jina la mpiga picha.

Kigoma_Dijito

Mzee, hayo yalikuwa ya magazeti. Sasa hivi Google Lens inatambua yenyewe. Elekeza simu kwenye Msikiti Mkuu wa Kilwa, inakutajia jina. Kwa nini tuhangaike na kuandika?

FundiWavuti

Msikiti Mkuu unatambulika kwa sababu umepigwa picha na watu wengi mno, na picha hizo ziko kwenye kurasa zilizoutaja kwa jina. Mashine ilifananisha na hizo. Jaribu na ukuta mmoja ulioanguka Songo Mnara, au chumba cha Husuni Ndogo. Ni mawe ya matumbawe, chokaa na mizizi ya miti, Kisiwani ni hivyo na Songo Mnara ni hivyo. Hapo ndipo jina lililoandikwa chini ya picha linapofanya kazi ambayo picha yenyewe haiwezi.

Kigoma_Dijito

Kwa hilo la kuta sawa. Kwa majengo makubwa bado naona mnajichosha.

Mkwaju_wa_Masoko

Nimeanza kazi lakini nimekwama. Tunatumia WordPress. Nimeingia kwenye maktaba ya picha, nikajaza kisanduku cha `Caption` kwa kila picha. Nikifungua ukurasa, hakuna kilichobadilika. Nimefuta kumbukumbu ya kivinjari, bado.

FundiWavuti

Hilo linawasumbua wengi. Ukiingiza picha kwenye ukurasa, WordPress inanakili maelezo yaliyokuwepo wakati huo na kuyaandika ndani ya ukurasa. Baada ya hapo hakuna uhusiano tena. Ukibadilisha kwenye maktaba, kurasa za zamani hazijui. Inabidi ufungue ukurasa wenyewe, uguse picha, uandike maelezo hapo chini yake. Picha utakazoingiza kuanzia sasa zitachukua yale ya maktaba.

Kisanduku cha `Description` kisikusumbue. Kinatokea kwenye ukurasa wa pekee wa picha hiyo, na tovuti mpya tangu toleo la 6.4 la mwaka 2023 kurasa hizo zimezimwa tangu mwanzo.

Na kama galari yako ni ya plagini si ya WordPress yenyewe, angalia mipangilio yake. Nyingi zina chaguo la kuonyesha maelezo chini ya picha ndogo. Liwashe, kisha rudi kwenye `URL Inspection`, bonyeza `Test live URL`, tazama HTML tena.

Mwanafunzi_UDOM

Samahani kuuliza: kama maelezo yapo kwenye HTML lakini yamefichwa kwa CSS mpaka mtu afungue, Google anayahesabu? Na maandishi ya "karibu" ni karibu kiasi gani, maneno mangapi?

FundiWavuti

La kwanza: tangu Google aanze kusoma kurasa kama zinavyoonekana kwenye simu, amesema maandishi yaliyo ndani ya vichupo vya kufungua na kufunga anayahesabu, mradi yamo kwenye HTML tangu ukurasa unafunguka. Kama hilo lina uzito ule ule kwa picha hasa, sijaona mahali alipolisema. Mimi nayaweka wazi.

La pili, hakuna idadi iliyotangazwa. Ukiona mtu anakupa namba ya maneno, muulize kaitoa wapi.

Mzee_wa_Chumba_cha_Habari

Kuna maelezo mengine yanayokaa ndani ya faili, yale ya IPTC. Sisi tuliyajaza kwenye kila picha kabla haijatoka chumbani. Google hayasomi?

FundiWavuti

Mzee, baadhi anayasoma na kuyaonyesha: mpiga picha, haki miliki, leseni. Hayo yajaze, yanakulinda. Maelezo ya picha yaliyo humo nisingeyategemea kwa utafutaji. Tena yanapotea njiani: picha ikipita WhatsApp kama picha ya kawaida inafika bila hayo. Zuri ni kwamba WordPress ukiipandishia faili lenye IPTC inaweza kuchukua maelezo hayo na kuyajaza yenyewe kwenye `Caption`, hivyo kazi yako ya chumbani haipotei.

Mkwaju_wa_Masoko

Swali la lugha. Wageni wetu wengi wanatafuta kwa Kiingereza, ila wanafunzi na walimu wanatafuta kwa Kiswahili. Maelezo niyaandike vipi?

Kigoma_Dijito

Weka lugha zote mbili kwenye sentensi moja, mkwaju kati. Kazi imeisha.

Rukia_NVDA

Kisoma skrini changu kitasoma Kiingereza kwa matamshi ya Kiswahili, au kinyume chake. Haieleweki.

FundiWavuti

Mimi ningetengeneza kurasa mbili, ya Kiswahili na ya Kiingereza, kila moja na maelezo yake, faili la picha likiwa moja kwa anwani ile ile. Majina ya mahali hayabadiliki, Husuni Kubwa ni Husuni Kubwa kwa lugha yoyote. Lakini najua kikundi kidogo hakina muda wa kutunza kurasa mbili, na maelezo ya lugha mbili kwenye ukurasa mmoja nimeyaona yakitokea kwenye utafutaji wa lugha zote mbili. Hapa sina la mwisho.

Mkwaju_wa_Masoko

Nimerudi na mrejesho wakuu. Nimeweka Husuni Kubwa ukurasa wake, Gereza na Makutani wameshiriki mmoja, kila picha na `figcaption`. Imechukua wiki kadhaa, lakini kwenye Search Console "husuni kubwa" imeanza kuonekana upande wa picha, na hata "birika husuni kubwa". Alt sikuzigusa.

Gereza bado. Ukitafuta "Songo Mnara" picha yetu ile ile inatokea, ila safari hii nimeibofya, imenipeleka kwenye blogu ya watu wengine. Wamechukua picha yetu, na chini yake wameandika "Magofu ya Songo Mnara".

Mzee_wa_Chumba_cha_Habari

Waandikie kwa upole. Wape maelezo sahihi yakiwa tayari yameandikwa, jina, mahali, mwaka, mpiga picha, wanakili tu. Wengi hurekebisha ukiwarahisishia.

FundiWavuti

Na uwaombe waweke kiungo cha ukurasa wako wa Gereza hapo hapo chini ya picha. Wakikataa, fomu ya Google ya malalamiko ya haki miliki ipo, kwa kuwa picha ni yenu. Nakala ya awali yenye ukubwa kamili mnayo?

Mkwaju_wa_Masoko

Ipo, kwenye kompyuta ya ofisi. Nawaandikia leo.